Ganda Jembamba la Yai: Si Kila Mara Chokaa Imepungua

Dhana: Mayai yakianza kupasuka ovyo, ongeza chokaa kwenye chakula, yaishe.

Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kuku hufyonza kama nusu tu ya anayokula. Ndiyo maana chakula cha kutaga huwa na kalsiamu ya karibu asilimia 4: kuku anayekula gramu 110 kwa siku hupata gramu 4.4, zinamtosha. Shida mara nyingi iko kwenye saa. Ganda hujengwa kwa saa 20 hivi, sehemu kubwa usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Chokaa ya unga aliyokula asubuhi imeshapita, kwa hiyo anaanza kuchota kwenye mifupa yake.

Chota chakula kiganjani ukikague. Kama chokaa yote ni vumbi, weka kwenye chombo cha pembeni makombe ya baharini yaliyovunjwa au chokaa ya punje za milimita 2 hadi 4, hasa alasiri. Punje hizo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Vifaranga na matembe wadogo wasipewe chakula cha kutaga wala punje hizo, maana kalsiamu nyingi huwaharibu figo.

Dhana: Joto hupunguza idadi ya mayai tu.

Chukua kuku 100 wanaokula kilo 11 kwa siku. Wiki ya joto kali ulaji ukishuka hadi kilo 8.5, kila mmoja anabaki na gramu 3.4 za kalsiamu, na hapo chakula hakijabadilika hata kidogo. Tena kuku anayetweta mdomo wazi hupoteza kaboni dioksidi nyingi, na hiyo ndiyo damu hutumia kutengeneza kaboneti ya ganda. Kwa hiyo hata ukimjazia chokaa, ganda litabaki jembamba. Mimi ningeanza na hewa bandani, maji ya baridi, na chakula cha alfajiri na jioni jua likipoa.

Dhana: Kuku mzee ameishiwa kalsiamu.

Ufyonzaji hupungua kweli, ila kubwa ni kwamba yai lake limekua na ganda ni lilelile, limetandazwa juu ya eneo pana zaidi.

Dhana: Ganda bovu ni lishe, si ugonjwa.

Ganda likiwa na mikunjo, vunja yai kwenye sahani. Ute mweupe ukitawanyika kama maji, na bandani kuna kuku wanaokoroma, shuku mkamba wa kuku. Mayai ya kahawia yakipauka ghafla, kisha yakaja laini au bila ganda huku kuku wanaonekana wazima, shuku ugonjwa wa kushuka kwa utagaji. Yote mawili ni virusi, havina dawa ya kuviua. Kinga ni chanjo kabla kuku hawajaanza kutaga. Muite daktari wa mifugo apime, na usinunue mfuko mwingine wa chokaa kabla hajaja.