JPEG: kwa nini picha huchakaa ikihifadhiwa mara kwa mara, na lini utumie PNG

JPEG ni njia ya kubana picha kwa kutupa sehemu ya taarifa zake, hasa zile ambazo jicho halizitambui kwa urahisi. Imekuwepo tangu mwaka 1992, na picha nyingi zinazopigwa kwa simu bado huhifadhiwa hivyo. Kilichotupwa hakirudi. Ndiyo maana tangazo la dagaa lililotoka safi kwa mbunifu pale Mwanza mjini huwafikia wanunuzi wa Mwaloni Kirumba likiwa na herufi zenye ukungu, baada ya kukatwa, kupunguzwa na kupita kwenye magrupu kadhaa ya WhatsApp.

Tulichukue tangazo hilo: juu kuna maandishi mekundu kwenye weupe, chini kuna picha ya dagaa walioanikwa. Programu ikilihifadhi kama JPEG, kwanza hutenganisha mwangaza na rangi. Mwangaza hubaki kwa kila pikseli, lakini rangi mara nyingi hupunguzwa, pikseli nne zikagawana rangi moja. Kwenye dagaa huwezi kugundua. Kwenye ukingo wa herufi utagundua, kwa sababu wekundu unavuja kuingia kwenye weupe. Maandishi meusi huvumilia zaidi hatua hii, maana ukingo wake umebebwa na mwangaza.

Kisha picha hugawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kila mraba huelezwa upya kwa namba 64: nyingine zinaeleza mabadiliko ya taratibu ndani yake, nyingine mabadiliko ya ghafla, kama ukingo wa herufi. Hasara kubwa inatokea hapa: kila namba inagawanywa kwa kigawanyo chake na jibu linafanywa kuwa namba nzima. Mabadiliko ya ghafla kwa kawaida hupewa vigawanyo vikubwa, hivyo namba zake nyingi huishia kuwa sifuri. Faili linakuwa dogo, na ukingo wa herufi unazungukwa na vidoti vya kijivu.

Tuseme namba mojawapo ni 37 na kigawanyo chake ni 16. Jibu ni 2.3, linaandikwa 2. Picha ikifunguliwa, 2 inazidishwa kwa 16, unapata 32. Tano zimeshapotea. Ukiihifadhi tena kwa kiwango kilekile bila kugusa kitu, 32 gawanya kwa 16 ni 2 kamili, na hakuna kipya kinachopotea. Watu wengi wanadhani kila kuhifadhi kunaharibu sawasawa, lakini sivyo: kiwango kikibaki kilekile na picha isiguswe, uharibifu hupungua haraka na karibu husimama. Kufungua tu picha na kuitazama, au kunakili faili, hakuharibu chochote.

Mambo hubadilika pale anayefuata anapobana zaidi, kwa kigawanyo cha 22. Sasa 32 gawanya kwa 22 ni 1.45, inaandikwa 1, na ikifunguliwa inakuwa 22. Kama angeanza na ile 37 ya awali angepata 44, ambayo iko karibu zaidi na ukweli. Kosa la kwanza limelisukuma la pili mbali zaidi.

Kukata na kupunguza ukubwa kuna madhara ya aina hiyohiyo. Ukikata pikseli 3 upande wa kushoto, miraba yote inahama. Ukingo wa mraba wa zamani sasa unaangukia katikati ya mraba mpya, na programu inauhesabu kama sehemu ya picha. WhatsApp nayo, ukituma picha kwa njia ya kawaida, huibana upya na mara nyingi huipunguza. Kuza tangazo lako hadi asilimia 400: ukiona vidoti kuzunguka herufi na vijiraba kwenye anga, limeshapitia mikono kadhaa.

PNG hubana bila kutupa. Hutafuta mfuatano wa pikseli unaojirudia na kuuandika kwa kifupi, kisha hurudisha kila pikseli ilivyokuwa, hata ukihifadhi mara mia. Tangazo la maandishi matupu, nembo, picha ya skrini ya muamala au kitu chenye mandhari ya uwazi, yanayoonyesha kilicho nyuma yake, viweke PNG. Mara nyingi faili hata linakuwa dogo kuliko JPEG, kwa kuwa weupe mtupu ni rahisi kuufupisha.

Picha ya Jiwe la Bismarck na mawimbi ya ziwa ni habari nyingine. Hapo karibu kila pikseli inatofautiana na jirani yake. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ni takriban MB 36 kabla ya kubanwa. PNG inaweza kubaki na zaidi ya MB 15, wakati JPEG nzuri inatosha MB 3 hadi 5. Hiyo iache JPEG.

Tangazo letu lina vyote viwili. Mimi ningelitunza katika faili la programu iliyolitengeneza, picha ya dagaa ikiwa ile ya awali kutoka kwenye kamera, na bei ikibadilika ningerekebisha humo, si kwenye JPEG iliyorudi kutoka kwenye grupu. Nakala ya mteja ningeitoa PNG na kuituma WhatsApp kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha itabanwa vilevile. Kuichukua JPEG iliyochakaa na kuigeuza PNG hakusaidii: vidoti vyote vinabaki, na faili linazidi kuwa kubwa.