Kinachoitwa "flu ya tumbo" si flu

Jumatatu moja asubuhi mama alifika kituo cha afya upande wa Busia akiwa amebeba mtoto wa miezi 14. Mtoto alianza kutapika Jumapili jioni, akatapika mara tano usiku kucha, na kulipokucha alikuwa anahara maji matupu. Mama alikuja na jina la ugonjwa tayari. "Ni flu ya tumbo, daktari. Nimempa sirapu ya flu tangu jana." Chupa aliyoitoa ilikuwa ya dawa ya mafua, zile zinazosinzisha. Mtoto alikuwa amelala begani kwake, na hilo ndilo lililotutia wasiwasi zaidi: hatukuweza kujua papo hapo kama amelegea kwa sababu mwili umekauka maji, au ni dawa tu.

Jina hilo nalisikia kila wiki, na simlaumu anayelitumia. Lakini nataka kulieleza, kwa sababu linawapeleka watu kwenye dawa isiyohusika.

Flu yenyewe, yaani influenza, ni ugonjwa wa njia ya hewa. Humwingia mtu kwa ghafla: homa, kikohozi, koo kuuma, kichwa na viungo kuuma. Wataalamu wanaoifuatilia nchini wako katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, kule Entebbe, na sampuli wanayoihitaji kwa mgonjwa huchukuliwa kwa kijiti cha pamba kinachopitishwa puani na kooni. Choo hakihitajiki.

Sababu iko katika umbile la kirusi chenyewe. Kirusi cha influenza kimevaa utando wa mafuta, kama koti, na bila koti hilo hakiwezi kuingia ndani ya chembe za mwili. Puani na kooni koti linakaa salama. Ukikimeza, kinakutana na asidi ya tumbo, kisha nyongo, ambayo kazi yake ni kuyeyusha mafuta. Koti huharibika, na kirusi huwa hakina nguvu tena.

Virusi vinavyoleta kutapika na kuhara ni vya ukoo mwingine kabisa. Vinavyojulikana zaidi ni virusi vya rota, ambavyo huwasumbua sana watoto wadogo, na virusi vya noro, ambavyo havichagui umri. Hivi havina koti la mafuta. Vimefunikwa kwa ganda gumu la protini, hivyo vinapita kwenye asidi na nyongo bila kudhurika hadi utumbo mdogo. Huko virusi vya rota huua chembe za juu za ukuta wa utumbo, zile zinazonyonya maji na chumvi. Maji ambayo yangerudi mwilini yanateremka moja kwa moja. Ndiyo maana mtoto anahara maji, na ndiyo maana anakauka haraka.

Basi jina la flu lilitoka wapi? Kirusi cha influenza cha binadamu kilitambuliwa mwaka 1933. Virusi vya noro vilionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1972, na vya rota mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi hapo kati, madaktari waliona ugonjwa wa tumbo unaozuka ghafla, wenye homa na maumivu ya mwili, unaopita nyumba nzima kwa siku chache, na kwenye choo hawakupata bakteria. Ulifanana na flu kwa mwendo wake, watu wakauita hivyo. Jina likatufikia pamoja na Kiingereza. (Na sisi tuna mtego wetu wenyewe: ukisema "homa ya matumbo" kwa Kiswahili, umetaja taifodi, ugonjwa mwingine tena.)

Koti lile la mafuta ndilo linaloeleza pia kwa nini mambo mengine hayafanyi kazi. Sanitaiza ya spiriti huharibu koti la kirusi cha influenza, lakini kirusi cha noro hakina koti la kuharibiwa, hivyo sanitaiza pekee haitoshi baada ya kumsafisha mgonjwa anayehara. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua, ili virusi viondoke mikononi. Chanjo ya flu nayo haizuii kuhara. Inayosaidia ni chanjo ya virusi vya rota, ambayo Uganda iliiingiza katika chanjo za kawaida mwaka 2018. Mtoto huipata kwa matone mdomoni akiwa na wiki 6 na tena wiki 10.

Nirudi kwa yule mtoto. Alikuwa na joto kidogo, na hapa kwetu mtoto mwenye homa anayetapika hupimwa malaria kwanza, hata kama anahara. Kipimo hakikuonyesha malaria. Hakuwa na kikohozi wala kamasi. Hilo lina maana, kwa kuwa mtoto mwenye flu ya kweli anaweza kutapika au kuhara, lakini kwa kawaida utaona na dalili za kifua na pua. Choo hakikuwa na damu; kingekuwa nayo tungefikiria bakteria na huenda antibiotiki. Wala hakikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele, kinachotufanya tushuku kipindupindu. Hatukupima ni kirusi gani, maana matibabu yasingebadilika.

Macho yalikuwa yamedidimia. Tulipobana ngozi ya tumbo, ilirudi polepole. Tulipomwamsha na kumpa kikombe, alikishika na kunywa kwa pupa, na hapo tukapata nafuu: alikuwa amekauka, lakini hajafikia hatari kubwa. Mtoto asiyeamka vizuri au asiyeweza kunywa huhitaji dripu mara moja.

Alikuwa na kilo 10. Kipimo ni mililita 75 za ORS kwa kila kilo, ndani ya saa nne, kwa hiyo mililita 750. Mama alichanganya pakiti ya lita moja kwa kutumia chupa mbili za maji za nusu lita, zote zikiwa zimejaa. Tunasisitiza kipimo hiki kwa sababu ORS nzito mno huzidisha kuhara, na nyepesi mno hairudishi chumvi. Tena soma pakiti, maana nyingine ni za nusu lita. Alimpa kijiko cha chai kila dakika moja na nusu hivi. Mtoto alitapika mara moja. Tukasubiri dakika 10, tukaendelea taratibu zaidi. Aliendelea kunyonya. Mchana alikojoa, na macho yakaanza kurudi. Alitoka na ORS ya nyumbani na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10. Sirapu ya flu tulimwomba aiache.

Jumatano alirudi kwa ajili yake mwenyewe. Mtoto alikuwa anacheza sakafuni, ila yeye na kijana wake mkubwa walikuwa wametapika tangu usiku. Baada ya kila nepi alikuwa akipaka sanitaiza. Tulimwonyesha kuchanganya jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, kwa ajili ya sakafu iliyotapikiwa. Safari hii hakuwa na chupa ya sirapu. Alikuwa na ORS aliyoianza kunywa nyumbani tangu alfajiri.