Msumari wa mtoni: maswali na majibu kabla ya Jumamosi ya usafi

Mwenyekiti wetu wa mtaa amenipa kipaza sauti niwahimize mtoke Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi, tusafishe barabara ya bondeni na ukingo wa Msimbazi hapa Kigogo. Njooni. Ila mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda, na usafi ukiisha ninyi mnarudi nyumbani, mimi nabaki nawasubiri wale waliojichoma wakanyamaza. Kwa hiyo niliomba maswali yenu kwenye karatasi, na nitayajibu kama mlivyoyaandika.

"Nesi, zile taka zipo pale miaka yote na hatujafa. Haraka ya nini?"

Tuliowazika hawapo hapa kuuliza maswali, ndugu yangu. Sisi sote tunajua mvua kubwa ikianza usiku nani anatapisha choo chake mtaroni, na wala sihitaji kumtaja. Maji yale yakikuta mtaro mweupe yanapita. Yakikuta pampasi, viroba na makopo yamekaba pale kwenye kalavati, yanageuka na kuingia uani, yanafika kwenye ndoo ya maji na kwenye kisima. Kipindupindu kinaanza hivyo. Mwaka 2015 kiliichapa Dar es Salaam hii hadi sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zikafutwa, nchi nzima ikaambiwa ishike mafagio. Jumamosi tunaanza na kalavati lile, halafu ndiyo tushuke ukingoni. Tukianza na ukingo huku juu pameziba, mvua ya kwanza itaturudishia uchafu wote.

"Nikikanyaga msumari nikiwa kazini, si nitakuja zahanati mguu ukianza kuvimba?"

Hapana. Unakuja siku hiyohiyo, hata kama huumwi, hata kama hakuna damu.

Mwaka fulani kijana mmoja alishuka mtaroni na kandambili. Msumari wa ubao ukapenya kandambili ukaingia kisiginoni. Akauchomoa, akamimina petroli kidogo ya bodaboda, akaendelea kuchota tope mpaka saa sita. Siku ya tatu tundu lilikuwa limefumba, hakuna uvimbe, akatuona wajinga sisi tunaosema aje. Siku ya tisa, wakati wa chakula cha usiku, akashindwa kufungua kinywa kupitisha tonge la ugali. Mama yake akadhani ni jino la mwisho. Kesho yake shingo ikakakamaa, mgongo ukapinda kama upinde, na kila mlango ulipobamizwa mwili mzima ulikaza. Wakamkimbiza kwa mganga. Alipofika kwetu ilikuwa siku ya kumi na moja, na tulichoweza ni kumpeleka haraka hospitali kubwa, akalazwa wiki nyingi kwenye chumba chenye giza na kimya, kwa sababu mwanga na kelele tu zilitosha kumkaza. Alipona. Wengi hawaponi.

Huo ndio pepopunda. Jina lenyewe limewaponza watu, wanasikia pepo wanatafuta wa kupunga. Hakuna pepo hapo. Ni kijidudu kinachoishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, kinatoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 21, mara nyingi baada ya wiki moja hivi, yaani kidonda kikiwa kimeshasahaulika. Ndiyo maana ukingoja uvimbe unangoja kitu ambacho huenda kisije kabisa.

"Je, kama msumari haukuwa na kutu?"

Njoo. Kutu haina kosa. Kijidudu kimo kwenye tope lililoganda kwenye msumari, na kitaingia hata kwa mwiba, kipande cha chupa au bati jipya la dukani lililoangukia matopeni.

Na nisikilizeni hapa: kidonda kinachonitisha si kile kipana kinachomwaga damu. Kile mtakileta wenyewe mbio. Kinachonitisha ni katundu kadogo, karefu, kanakofunga mdomo baada ya saa chache. Kijidudu cha pepopunda hakipendi hewa. Kikisukumwa ndani kabisa ya kisigino na ngozi ikajifunga juu yake, umekipangishia chumba.

"Sisi tunatumia mafuta ya breki au majivu, na damu inakata. Kuna ubaya?"

Kuna ubaya, na nimechoka kuuosha. Mafuta ya breki, petroli, majivu, dawa ya meno, kinyesi cha ng'ombe, vyote nimevikuta ndani ya vidonda vya watu wazima wenye akili zao. Petroli inaunguza nyama, na nyama iliyokufa ndiyo kijidudu kinakoota vizuri. Kinyesi na majivu ya jikoni vinaweza kukiingizia kidonda kijidudu cha pepopunda ambacho msumari haukuwa nacho. Kuhusu Jiki: ni ya sakafu na ndoo, si ya mguu.

Fanya hivi. Toka kwenye tope, mwagia kidonda maji safi yanayotiririka na sabuni ya kipande kwa dakika 10 hadi 15, uache maji yapite ndani. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza. Kama kitu kimezama na hakitoki kirahisi, usichokonoe na pini, njoo nacho hivyohivyo. Kisha uje. Kuosha hakukuondolei safari ya zahanati.

"Mke wangu alichomwa sindano ya pepopunda akiwa mjamzito. Inanilinda na mimi?"

Nilicheka, lakini nashukuru baba aliyeuliza, kwani wengi wanawaza hivyo bila kusema. Haikulindi. Kinamama wengi hapa wana kinga kwa sababu kliniki ya wajawazito iliwachoma, na kadi wanazo. Watoto wanachomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Baba yeye mara ya mwisho alichomwa akiwa amebebwa mgongoni, na kinga ile hupungua miaka inavyokwenda. Ndio maana wanaume wazima ndio wanaoshuka mtaroni wakiwa mikono mitupu kwa kila maana.

Ukija na kidonda kichafu tutakuuliza umechomwa mara ngapi na lini. Kama ulimaliza dozi zako na ya mwisho haijazidi miaka 5, tunasafisha kidonda na kukuruhusu. Ikizidi hapo, unachomwa moja ya kukumbusha mwili. Kama hukumbuki, tunahesabu hujawahi: unaanza upya, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, na kwa kidonda kibaya huenda ukahitaji pia sindano nyingine yenye kinga iliyo tayari, kwa sababu chanjo huchukua muda mwili ukitengeneza kinga yake. Mnaona sasa kwa nini siku ya tisa ni kuchelewa? Bora zaidi, njooni mchomwe wiki hii kabla hata ya kushika chepe.

"Nikichomwa na sindano ya hospitali au ya wanaojidunga, nitaficha vipi nyumbani?"

Swali limeandikwa kwa herufi ndogo sana, nami nalijibu kwa sauti kubwa: usifiche, kimbia. Pale chini ya daraja sindano zipo, tusidanganyane. Uwezekano wa kupata VVU kwa mchomo mmoja ni mdogo, na unapungua zaidi kwa dawa kinga, lakini dawa hizo lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Ukiweza kufika ndani ya saa 2, fika. Unazimeza siku 28. Saa ya 73 mlango umefungwa, na mimi siwezi kuufungua hata uwe ndugu yangu wa tumbo moja. Tutaangalia pia kinga yako ya homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake vinadumu nje ya mwili siku kadhaa.

Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni. Usikamue kidole na usikinyonye. Ukiiona sindano kabla haijakuchoma, usiishike kwa mkono, hata wenye glavu, wala usijaribu kurudisha kifuniko. Mwite kijana mwenye koleo, aitumbukize kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko. Madumu mawili nitayaleta mimi, na nitaondoka nayo mimi.

"Nikipata homa wiki inayofuata, si ni malaria tu?"

Inaweza kuwa malaria, na kipimo kitasema. Lakini mweleze mhudumu kwamba ulishika tope la mtoni. Mkojo wa panya kwenye maji na matope huleta homa ya mgunda, ileile iliyosikika Lindi mwaka 2022: homa, kichwa, macho mekundu, misuli ya vigimbi vya miguu inauma hadi kutembea shida. Ina dawa, na dawa inafanya kazi vizuri ikianza mapema. Usinunue dawa ya malaria dukani ukalala nayo siku tano.

"Tukimaliza tuchome taka palepale?"

Hapana. Makopo ya dawa ya mbu yanalipuka, na moshi wa plastiki utaingia kwenye vifua vya watoto wenu wenyewe. Tunajaza viroba, vinapangwa kando ya barabara gari lichukue. Na mtu asisukumie furushi mtoni kwa kuwa maji yatalichukua: yataupeleka mzigo wako Jangwani, nao wana watoto.

"Sina mabuti. Nibaki nyumbani?"

Njoo na viatu vya kufunika vyenye soli ngumu, raba nzee inatosha, lakini kaa juu barabarani ufagie na kushika mdomo wa kiroba. Mtaroni na ukingoni wanashuka wenye mabuti ya mpira na glavu nene tu. Mwenye kandambili nitamrudisha, hata akiwa mjumbe. Kiroba kisibebwe kwa kukumbatia wala kukanyagwa kishuke. Kishike shingoni, kiwe mbali na paja. Mwenye kidonda kibichi mguuni hashuki kabisa. Watoto wabaki nyumbani.

Meza yangu itakuwa chini ya mwembe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kuanzia saa moja asubuhi, na ndoo yenye koki, sabuni na daftari. Ukichomwa unaandikwa jina, saa na kilichokuchoma, halafu tunapanda pamoja zahanati. Kinamama wenye kadi za kliniki, mtafutieni na baba karatasi yake ya chanjo Ijumaa usiku, kama ipo. Kama haipo, mleteni yeye.