Anayekaa si lazima awe ameridhika: dhana potofu kuhusu kwa nini watu hawaachani

Mtu akilalamika kuhusu mwenzi wake kila wiki na bado anarudi nyumbani kwake, watu husema: "Mwache, anampenda huyo. Angekuwa hampendi angeshaondoka." Kauli hii husemwa kwa urahisi mno, na huwaumiza zaidi wale ambao tayari wamebanwa. Mwaka 1980, mwanasaikolojia Caryl Rusbult alichapisha maelezo tofauti, yanayojulikana kama modeli ya uwekezaji. Alikuwa akiendeleza kazi ya John Thibaut na Harold Kelley, waliokwisha kuonyesha kwamba kuupenda uhusiano ni jambo moja na kuutegemea ni jambo jingine.

Dhana: Anayebaki ameridhika, na aliyechoka huondoka.

Kuridhika ni nguzo moja tu kati ya tatu. Ya pili ni uwekezaji, yaani kila kitu ambacho mtu amekiweka kwenye uhusiano na ambacho atakipoteza, au kitapungua thamani, akiondoka. Ya tatu ni mbadala: maisha anayoyaona yakimsubiri nje ya uhusiano huo. Kuridhika kukiwa kwingi, uwekezaji ukiwa mkubwa na mbadala zikiwa hafifu, mtu hujifunga zaidi kwenye uhusiano. Kule kujifunga ndiko kunakotabiri kama atabaki.

Tuwachukue watu wawili wa kubuni, tuwapime kwa kipimo cha 0 hadi 8. Wa kwanza ni mwanamke aliyeolewa miaka 11. Kuridhika kwake ni 2, uwekezaji 7, mbadala 1. Wa pili ni kijana aliye na mpenzi kwa miezi sita: kuridhika 5, uwekezaji 2, mbadala 6. Jumlisha kuridhika na uwekezaji, kisha utoe mbadala. Mwanamke anapata 8, kijana anapata 1. Watafiti hukokotoa uzito wa kila nguzo kutoka kwenye takwimu zao, hawajumlishi kijuujuu namna hii, lakini mwelekeo ndio huo. Kijana mwenye furaha anaweza kuondoka mwezi ujao, na mwanamke asiye na furaha akabaki miaka mingine kumi. Ukimuuliza kila mmoja swali moja tu, "Una furaha?", utabashiri kinyume kabisa.

Hii haina maana kwamba kuridhika hakuna uzito. Mwaka 2003, Benjamin Le na Christopher Agnew walikusanya tafiti 52 zenye washiriki zaidi ya 11,000. Walikuta nguzo hizi tatu kwa pamoja zinaeleza karibu theluthi mbili za tofauti ya kujifunga kati ya mtu na mtu, na kuridhika ndiko kulikokuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo katika mahusiano mengi wanaobaki wameridhika kweli. Tatizo ni kuichukua picha ya wengi na kumbandika nayo jirani yako ambaye hali yake ni nyingine.

Dhana: Kukaa kwa sababu ya miaka iliyopita ni kung'ang'ania hasara.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana hata watu wenye nia njema huteleza. Huambiwa mtu: "Miaka hiyo imeshapotea, usiitazame." Ushauri huo una ukweli kwa sehemu moja ya uwekezaji, ile iliyokwisha kutumika bila kurudi: muda, machozi, juhudi za kumbadilisha mtu. Hiyo haipatikani tena, ukae au uondoke.

Lakini sehemu nyingine ya uwekezaji haijapotea bado, na itapotea siku ya kuondoka. Ni nyumba iliyoandikwa kwa jina la mwenzi, ni mashemeji waliogeuka ndugu, ni marafiki wa pamoja watakaolazimika kuchagua upande, ni watoto kuwa na wazazi wote chini ya paa moja. Anayeyahesabu haya hajakosea hesabu, kwa sababu gharama anayoiona ipo kweli. Wind Goodfriend na Agnew waliongeza jambo jingine mwaka 2008: mipango ambayo wawili wamepanga na bado hawajaitimiza nayo huwafunga. Mtu anaweza kushikiliwa na nyumba ambayo haijajengwa.

Namna rahisi ya kutenganisha ni kuuliza, kwa kila kitu kinachotajwa: "Ukiondoka kesho, hiki kitabadilika?" Kisipobadilika, basi ni cha jana, na mtu anaweza kusaidiwa kukiacha. Kikibadilika, mawaidha pekee hayatoshi. Linahitajika jambo la vitendo, kama kujua haki zake juu ya nyumba au kupanga malezi ya watoto.

Dhana: Mbadala maana yake ni mtu mwingine.

Mtu anaweza kuondoka bila kuwa na mpenzi wa pembeni. Katika modeli hii, mbadala ni pamoja na kuishi peke yako, kurudi kwa ndugu, kuwa na kazi na marafiki wanaokutosha. Waswahili walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anayelisema hilo kuhusu ndoa yake mara nyingi anapima nje kulivyo, hausifu uhusiano wake.

Ushahidi mzito zaidi ninaoufahamu ni wa Rusbult na John Martz, mwaka 1995. Walichunguza taarifa za wanawake waliofika kwenye makazi ya hifadhi baada ya kupigwa na wenzi wao, wakafuatilia nani alirudi. Waliojifunga zaidi walikuwa wale wenye njia chache za kiuchumi, wenye uwekezaji mkubwa, kwa mfano waliokuwa ndani ya ndoa, na ambao manung'uniko yao yalikuwa madogo kwa kulinganisha. Kujifunga huko ndiko kulikoendana na kurudi. Watu walikuwa wakitafuta kasoro ndani ya tabia za wanawake hao, kana kwamba wanapenda kuteswa. Utafiti ulielekeza macho kwenye hali inayowazunguka. Mwanamke asiye na kipato wala pa kulala hahitaji kuulizwa kwa nini hajipendi.

Dhana: Mbadala ni zilezile, mtu huziona au hazioni.

Mbadala hupimwa kwa macho ya aliye ndani, na macho hayo hubadilishwa na kujifunga kwenyewe. Mwaka 1989, Dennis Johnson na Rusbult walionyesha kwamba waliojifunga sana huwashusha thamani watu wengine wenye mvuto, hasa wale ambao wangeweza kuwatishia. Katika uhusiano mwema hii ni kinga nzuri. Katika uhusiano mbaya, huenda mtu akauona mlango uliofunguka kuwa bado umefungwa.

Rusbult alikutana na kitu kinachokaribia hapo mwaka 1983, alipofuatilia mahusiano ya wanafunzi wa chuo kwa takriban miezi saba. Kundi lilikuwa dogo, lakini mwenendo wa walioachwa na wapenzi wao unagusa. Kuridhika kwao hakukuwa kwa juu, mbadala zao zilizidi kufifia, na bado waliendelea kuwekeza. Kwa nje wangeonekana waaminifu kuliko wote. Waliokuwa karibu kuondoka kwa hiari yao walionyesha kinyume: kuridhika kulishuka, mbadala zikapanda, na uwekezaji wao ukapungua kidogo kidogo kabla ya siku ya kuachana kufika.