Fotoni hazipendani, na fermioni hazina ugomvi

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mtu mwenye shahada ya uzamili: “Bosoni zinavutana ndiyo maana zinatoka pamoja, fermioni zinasukumana.” Bosoni ni chembe kama fotoni, zile chembe za mwanga; fermioni ni chembe kama elektroni. Nikanyamaza, nikanywa chai yangu. Hakuna nguvu yoyote hapo jamani! Fotoni mbili zikikutana kwenye kigawamwale hazigusani wala hazisukumani. Kinachoamua ni alama ya kujumlisha au ya kutoa.

Kigawamwale ni kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu. Leta fotoni moja kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia, na uweke kigunduzi kila upande wa kutokea. Ili zitoke kila moja na upande wake, ama zote mbili zipite, ama zote mbili ziakisiwe. Ukiona vigunduzi vyote viwili vimelia, na fotoni ni pacha kweli, huna namna ya kujua lipi limetokea. Kwa hiyo hujumlishi uwezekano. Unajumlisha kwanza amplitudo, yaani namba yenye alama ya kila njia, kisha unapiga kipeo cha pili kupata uwezekano.

Amplitudo ya kupita ni 1/√2, ya kuakisiwa ni i/√2. Zote kupita: 1/2. Zote kuakisiwa: i × i × 1/2, yaani −1/2. Kwa bosoni unajumlisha, unapata sifuri: vigunduzi havilii pamoja kamwe, fotoni zote mbili zimetokea upande mmoja. Kwa fermioni, kubadilishana nafasi kunaleta alama ya kutoa: 1/2 − (−1/2) = 1, kila moja na njia yake, kila mara. Kwa gololi za kawaida ni 1/4 + 1/4, nusu ya mara. Ile i haikuokotwa: kioo kisichofyonza mwanga hakiwezi kutoa fotoni nyingi kuliko zilizoingia, na sharti hilo ndilo linalolazimisha alama hiyo. Kioo kinachofyonza ni habari nyingine.

Sasa neno “pacha”, ambalo watu hulipita mbio. Wanafizikia Hong, Ou na Mandel walipofanya jaribio hili Rochester, Marekani, mwaka 1987, walisogeza kigawamwale kidogo kidogo na kuona milio ya pamoja ikididimia, kisha ikipanda tena. Shimo hilo lilikuwa na upana wa femtosekunde 100 hivi. Mwanga ndani ya muda huo husafiri mikromita 30, pungufu ya unene wa unywele. Mimi niliwahi kulitafuta siku mbili nzima, grafu imelala kama barabara ya Dodoma. Urefu wa njia ulikuwa sawa. Kosa lilikuwa faiba moja iliyojikunja na kuzungusha polaraisheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Fotoni moja ilikuwa imesimama, nyingine imelala, kwa hiyo ulimwengu ulikuwa na namna ya kuzitofautisha hata kama mimi sikuangalia. Nikainyoosha faiba, shimo likatokea. Halikufika sifuri, na halifiki kwa yeyote: kina chake ndicho kipimo cha upacha wa fotoni zako. Kikiishia nusu tu usishangilie, hata mwanga wa kawaida wenye fezi za kubahatisha hufika hapo.

Kinachoniudhi zaidi ni “bosoni daima hutoka pamoja”. Si daima! Sharti la bosoni, kwamba zikibadilishana alama isigeuke, linahusu hali nzima, si njia peke yake. Tengeneza jozi ya fotoni ambayo polaraisheni zake zimefungamana hivi kwamba ukizibadilishana alama inageuka. Ili jumla ibaki sawa, sehemu ya njia nayo lazima igeuke, na fotoni hizo zitatoka kila moja upande wake, kama fermioni. Kundi la mwanafizikia Zeilinger kule Innsbruck, Austria, lilitumia alama hiyo hiyo mwaka 1997 katika jaribio la kuhamisha hali ya fotoni: vigunduzi viwili vikilia pamoja, basi ni jozi ile. Elektroni nazo, spini zao, sifa inayofanana na kujizungusha, zikifungamana hivyo, kwa hesabu zitatoka pamoja.

Anayeng’ang’ania nguvu aangalie heliamu. Mwaka 2007 watafiti wa Amsterdam na Orsay waliachia mawingu baridi ya heliamu-4 na heliamu-3 yaangukie kigunduzi. Hapo hapakuwa na kigawamwale, lakini kanuni ni ile ile. Atomu hizo zina elektroni zilezile mbili. Tofauti ni nyutroni moja kwenye kiini, nayo inafanya heliamu-4 iwe bosoni na heliamu-3 iwe fermioni. Heliamu-4 zilifika zikikaribiana kuliko bahati nasibu, heliamu-3 zikiachana. Nguvu gani hiyo ya kugeuka hivyo kwa nyutroni moja?

Mwanafunzi akiniuliza kwa nini fermioni zina ile alama ya kutoa, namtajia Pauli, 1940, spini na uhusianifu. Uthibitisho naufuata mstari kwa mstari hadi mwisho. Kuueleza ubaoni bila mistari hiyo, kwa maneno matupu, nimejaribu miaka mingi na sijaweza.