“Mnunulie miwani ataona tu”: mambo watu husema kuhusu macho ya watoto wenye ualbino, na ukweli wenyewe

Huku Kisumu hii ya miwani ndio inaumiza watoto wengi zaidi. Mzazi anajikaza ananunua miwani, mtoto anaivaa, bado hasomi ubaoni, basi ticha anaanza kusema ni mvivu ama miwani ni feki.

Ukweli ni kwamba shida kubwa haiko mbele ya jicho, iko nyuma. Ile sehemu ya katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, tunayotumia kusoma herufi ndogo haikukomaa vizuri tangu tumboni, na juu ya hapo macho yanachezacheza yenyewe. Hakuna lenzi inayorekebisha hiyo. Miwani ya namba inaondoa ukungu wake wa kawaida, na wengi wanao mwingi kwa hivyo avae, lakini kinachobaki kinabaki.

Sasa chukua mtoto wa Gredi ya 4, tuseme amepimwa akiwa na miwani yake akapata 6/36. Maana yake anahitaji kusimama mita 6 asome kile wenzake wanasoma wakiwa mita 36. Kwa hivyo akiketi mbele kabisa, mita 2 kutoka ubaoni, ni kama mwenye macho mazima aliyeketi mita 12, yaani nyuma kabisa ya darasa, pengine nje! Ndio maana “si tumemweka mbele” haitoshi. Mpe monokula, ile darubini ndogo ya jicho moja, ya mara 4, ubao wa mita 4 anauona kama uko mita 1. Tatizo ni kwamba inaonyesha kipande kidogo tu cha ubao, kwa hivyo lazima afunzwe kutafuta mstari, kuufuata, kurudi mwanzo, na mwanzoni atanakili polepole sana hadi mtu aseme kifaa hakisaidii. Mwalimu akisoma kwa sauti anachoandika, nusu ya hiyo kazi inaisha.

Halafu kuna hii ya “nyoosha kichwa wewe!” Mtoto anageuza uso upande na watu wanaona ni madharau. Hapana, kuna pembe fulani ambayo macho yake yanatulia na hapo ndio anaona vizuri zaidi. Ukiona anageuza uso kushoto ndio aangalie ubao, mwekee dawati upande wa kushoto wa darasa, ubao uwe kuliani kwake, na hatahitaji kujipinda shingo siku nzima. Hii haina gharama yoyote na sijui mbona walimu wengi hawaambiwi.

“Akisoma karibu hivyo ataharibu macho.” Haharibu. Kitabu kikitoka sentimita 40 hadi 10, herufi zinakuwa kubwa mara 4 bila shilingi moja, na macho ya mtoto bado yana nguvu ya kuvuta karibu. Kinachoumia ni mgongo, so mwinulie kitabu kwa stendi au hata rundo la vitabu. Kile kioo kizito kinachokaa juu ya karatasi kama nusu ya chungwa pia ni kizuri, kinakusanya mwanga kwa maandishi.

Kwa miwani ya jua watu hudhani nyeusi zaidi ndio bora. Ile inayouzwa stejini inaweza kuwa nyeusi tii na isizuie miale ya UV vya kutosha, halafu giza linaifanya mboni ifunguke zaidi. Tafuta iliyoandikwa UV400, na kama mtoto ana namba, lenzi za namba zenyewe ziwekwe rangi. Nyeusi sana ndani ya darasa inamnyima hata kile kidogo alichokuwa anaona, rangi nyepesi ya kahawia inatosha wengi, lakini mtoto mwenyewe ajaribu aseme.

Na miwani bila kofia ni nusu kazi, maana jua letu la saa sita linatoka juu na kupenya pale kati ya lenzi na paji la uso. Kepu ya kawaida inaacha masikio na shingo, yaani pale pale panapoungua. Ukingo uwe kama sentimita 7 au 8 kuzunguka kichwa chote, na shule iache kusema si yunifomu. Kama darasa lina mabati ya kupitisha mwanga avae kofia hata ndani, na dirisha liwe mgongoni kwake.

Ya mwisho: “mpeleke Kibos asome breli,” yaani ile shule ya wasioona. Wengi wao wanaweza kusoma wino, na wakifunzwa breli utawapata wanasoma zile nukta kwa macho! Anachohitaji ni maandishi makubwa na muda zaidi. KNEC huandaa karatasi za mtihani za maandishi makubwa, ila shule ndio inaomba wakati wa kusajili, kwa hivyo mama, muulize hedi kabla usajili haujafungwa, na ubebe ripoti ya daktari wa macho.