Kwa nini "Accept All" huharibu makala iliyopitiwa na waandishi watatu?

*"Nimeunganisha nakala tatu za wenzangu kwenye Word, nikabofya Accept All ili nipate nakala safi. Mbona sentensi zinajirudia na namba zinagongana? Na jarida linataka nakala safi pamoja na nakala yenye alama, nazitoaje?"*

Word haijui maana ya sentensi. Inachokijua ni kwamba herufi fulani zimewekewa alama ya kuongezwa au ya kufutwa, na kila alama ina jina la mtu na saa. Faili la `.docx` ni kifurushi cha zip, na ukilifungua ndani utakuta marekebisho ya neno moja yameandikwa hivi:

```
<w:del w:id="7" w:author="Mtakwimu" w:date="2024-03-11T09:20:00Z">
  <w:r><w:delText>240</w:delText></w:r></w:del>
<w:ins w:id="8" w:author="Mtakwimu" w:date="2024-03-11T09:20:00Z">
  <w:r><w:t>238</w:t></w:r></w:ins>
```

Alama ya kufuta na alama ya kuongeza zinakaa jirani, lakini hakuna kinachozifunga pamoja. Word haina kumbukumbu kwamba 238 imekuja kuchukua nafasi ya 240. Inajua tu kwamba kuna kitu kimetoka na kingine kimeingia.

Sasa tuchukue sentensi moja ya makala ya utafiti: "Kaya 240 zilihojiwa katika vijiji vinne." Mtakwimu amefuta 240 na kuandika 238, kwa sababu kaya mbili hazikuhojiwa. Mtafiti aliyekuwa uwandani amebadili "zilihojiwa" kuwa "zilitembelewa". Msimamizi naye hakuona marekebisho ya hao wawili, maana kila mmoja alitumiwa nakala yake, amefuta sentensi nzima na kuandika: "Tulihoji kaya 240 katika vijiji vinne vya bonde." Ukiunganisha nakala zote tatu kisha ukakubali kila kitu, unabaki na kitu kama hiki: "238 zilitembelewa Tulihoji kaya 240 katika vijiji vinne vya bonde." Maneno yote ya awali yameondoka kwa sababu msimamizi aliyafuta. Yaliyoongezwa na wenzake yamebaki yakielea, kwa kuwa hakuna aliyeyafuta. Kibaya zaidi, namba sahihi imegeuka takataka, na namba iliyopitwa na wakati ndiyo iliyokaa ndani ya sentensi inayosomeka vizuri. Msomaji anayeharakisha ataifuta ile 238 akidhani ni makosa ya uchapaji.

Hakuna onyo lolote linalotokea. Programu za kuunganisha msimbo wa kompyuta husimama zikikuta watu wawili wamegusa mstari mmoja, zikakudai uchague. Word haisimami. Kwa hiyo kazi ya kuamua ni ya mtu, na huyo mtu awe mmoja, kwa kawaida mwandishi anayewasiliana na jarida.

Kuunganisha kwenyewe si kugumu, mradi nakala zote tatu zimetokana na faili moja. Litafute faili lile lile lililotumwa kwa jarida mara ya kwanza, lifunge lisiandikwe tena, uliite nakala msingi. Kisha nenda `Review`, halafu `Compare`, halafu `Combine`. Kwenye `Original document` weka nakala msingi, kwenye `Revised document` weka nakala ya mtakwimu. Bofya `More`, uchague matokeo yaonyeshwe kwenye `New document` na ulinganisho ufanyike kwa `Word level`, kwa sababu ukilinganisha herufi kwa herufi maneno yatakatwa vipande visivyosomeka. Hifadhi matokeo kwa jina jipya. Matokeo hayo ndiyo yanayokuwa `Original document` kwenye awamu ya pili, na `Revised document` inakuwa nakala ya mtafiti wa uwandani. Rudia kwa msimamizi. Word huunganisha mafaili mawili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo waandishi watatu ni awamu tatu.

Njiani itakuuliza ubaki na mpangilio wa maandishi wa faili lipi, kwa kuwa inaweza kutunza seti moja tu ya mabadiliko ya mpangilio. Chagua wa nakala msingi, maana fonti za wenzako si hoja ya kisayansi.

Kuna kisanduku kimoja hapo ambacho watu wengi hukipita: `Label unmarked changes with`. Kila mara hutokea mwenzako mmoja akazima ufuatiliaji wa marekebisho, yaani `Track Changes`, akaandika aya nzima bila alama, au akakubali marekebisho yake mwenyewe kabla ya kukutumia. `Combine` hulinganisha maandishi yenyewe pia, kwa hiyo tofauti hizo zitaonekana, ila zitabandikwa jina lililo kwenye kisanduku hicho. Ukiacha jina lako, kesho utajikuta unajiuliza uliandika lini aya usiyoikumbuka. Andika jina la mwenye nakala unayoiunganisha, na karibu nalo alama fulani, mfano "Msimamizi-bila-alama", ili ujue kwamba yeye hakuyawekea alama mabadiliko hayo.

Wanaotumia LibreOffice wanayo njia yao: fungua nakala msingi, nenda `Edit`, `Track Changes`, `Merge Document`, uchague nakala ya mwenzako. Tofauti na Word, hapo maandishi yasiyo na alama yanatakiwa yawe sawa kabisa na ya nakala msingi. Mtu akizima ufuatiliaji, kuunganisha kunayumba.

Na kama marekebisho yote yanaonekana ni ya mtu mmoja aitwaye "Author", sababu ni kwamba mwenzako alipitisha faili kwenye `Document Inspector`, zana ya Word inayoondoa taarifa binafsi, au faili lenyewe limewekwa lifute taarifa hizo kila linapohifadhiwa. Majina yakishafutwa hayarudi. Mwombe nakala ya kabla ya hapo.

Sasa umepata faili moja lenye rangi tatu, kila mwandishi na yake. Kabla hujakubali wala kukataa rekebisho lolote, shughulikia maoni ya pembeni. Sababu ni hii: maoni yamefungwa kwenye maneno. Maneno hayo yakifutwa na wewe ukakubali ufutaji, maoni yanaondoka nayo bila kusema kwaheri. Mtakwimu akiwa ameandika pembeni ya 240 "hakikisha namba hii ilingane na Jedwali la 1", na msimamizi akawa amefuta sentensi hiyo, swali la mtakwimu linazikwa pamoja nayo. Kwa hiyo kwanza toa orodha yote: kwenye Word ya Windows nenda `File`, `Print`, na mahali pa kuchagua kurasa chagua `List of Markup`, kisha chapisha kwenye PDF. Hiyo ndiyo daftari yako. Kila oni lipate jibu moja kati ya matatu: limetekelezwa, limekataliwa pamoja na sababu, au limerudishwa kwa mwandishi fulani ili alijibu.

Baada ya hapo pitia marekebisho aya kwa aya. Penye rangi moja, kubali au kataa kama kawaida. Penye rangi mbili au tatu ndani ya sentensi moja, usihangaike na vitufe. Soma kila mwandishi alitaka nini, kisha andika sentensi mpya kwa mkono na ufute mabaki. Kwa mfano wetu: "Tulihoji kaya 238 katika vijiji vinne vya bonde." Neno "zilitembelewa" limeachwa, lakini muulize kwanza aliyelileta. Huenda alimaanisha kwamba kaya zilizotembelewa ni nyingi kuliko zilizohojiwa, na hapo si suala la mtindo tena.

Jihadhari zaidi na aya zilizohamishwa. Mmoja akihamisha aya kutoka Mbinu kwenda Matokeo, na mwingine akiirekebisha pale ilipokuwa, rekebisho hubaki kwenye aya ya zamani, iliyofutwa. Aya iliyohamia sehemu mpya haina rekebisho hilo. Kila ukiona aya nzima imefutwa, angalia ndani yake kama kuna rangi nyingine kabla ya kubofya chochote.

Ukimaliza, hakikisha hakuna alama iliyobaki, kisha `Delete All Comments in Document`, na uzime ufuatiliaji. Usitosheke na `No Markup`. Hiyo huficha tu alama, na mhariri akifungua faili kwenye kompyuta yake atayaona mabishano yenu yote. Faili hili ndilo nakala safi.

Nakala yenye alama je? Hapa ndipo wengi wanapotuma kitu kisichostahili. Wanachukua lile faili la rangi tatu na kulipakia. Mhariri na wahakiki hawakuomba kujua nani kati yenu alisema nini. Wanataka kuona makala imebadilikaje tangu waliposoma mara ya mwisho. Kwa hiyo nakala yenye alama hutengenezwa mwisho, kutokana na nakala safi. Nenda `Review`, `Compare`, na safari hii chagua `Compare`, si `Combine`. Upande wa kwanza weka nakala msingi, upande wa pili nakala safi. Kwenye `More` ondoa tiki ya `Formatting` na ya `White space`, vinginevyo kila nafasi iliyoongezwa itapiga kelele kama hoja. Kama marejeo yameingizwa kwa Zotero au EndNote, jaribu pia kuondoa tiki ya `Fields`, kwa kuwa orodha ya marejeo ikijisasisha yenyewe inaweza kutokea nyekundu yote.

Njia hii ina faida moja kubwa: nakala mbili haziwezi kutofautiana. Anayerekebisha nakala safi na nakala yenye alama kila moja kivyake ataishia kusahihisha koma moja huku na kuiacha kule. Ukigundua kosa saa ya mwisho, sahihisha nakala safi peke yake, kisha toa nyingine upya. Ni kazi ya dakika moja.

Kuna namna ya kuthibitisha. Tengeneza nakala ya ziada ya faili lenye alama, kubali yote, ulilinganishe na nakala safi kwa `Compare` ukitumia tiki zile zile. Idadi ya marekebisho inatakiwa iwe sifuri. Kisha chukua nakala nyingine ya ziada, kataa yote, ulinganishe na nakala msingi. Nayo iwe sifuri. Ikiwa si sifuri, kuna mahali ambapo mtu amegusa faili baada ya ulinganisho, na `Compare` itakupeleka moja kwa moja hadi kwenye neno lenyewe.

Unapotengeneza nakala yenye alama kwa `Compare`, kwenye `Label changes with` andika "Waandishi". Jarida likiwa linatumia uhakiki wa siri, pitisha faili zote mbili kwenye `Document Inspector` sasa, kazi ikiwa imekwisha, maana majina hayahitajiki tena. Ila pale usikubali Word ifute maoni au alama kwenye nakala yenye alama: chagua kuondoa `Document Properties and Personal Information` tu.